Kosa la Joëlle Ubaoni

Ignace Kyungu alikuwa asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, wa hesabu kwenye chuo kimoja cha ualimu huku Kalemie kwa miaka kumi na minne. Profesa mwenye kozi ya aljebra alikuwa anakaa Lubumbashi na kuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kozi ilikuwa mikononi mwa Ignace. Wanafunzi walimwita Papa Ignace, kama baba yao, hata kabla nywele zake hazijaanza kuwa nyeupe. Hakuwa muntu mubaya. Kila alfajiri, kabla ya kupanda mlima kwenda chuoni, alikuwa anabeba beseni la ndagala, samaki wadogo wa ziwani, la mke wake hadi sokoni. Nayo mazoezi ya wanafunzi aliyasahihisha moja moja.

Mwaka ule Joëlle Mwange alirudi kutoka Lubumbashi na diploma yake. Zamani Ignace ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu ili apokelewe kule. Sasa mkuu wa idara aligawa kozi: Joëlle atatoa somo, Ignace atabaki na mazoezi. Mwisho wa mwaka profesa angemchagua mmoja wa kumwachia kozi yote.

"Papa Ignace, nitakuwa nakuuliza mambo mengi," Joëlle alimwambia siku ya kwanza mle biro, ofisini kwao.

"Uliza tu," Ignace alijibu. Lakini jioni ile hakula vizuri, na mke wake Élisabeth alipomuuliza, alisema ni tumbo.

Kilichomuuma zaidi ni namna Joëlle alivyofundisha. Siku moja ya somo Ignace aliketi nyuma kabisa, daftari magotini. Joëlle aliita wanafunzi watano mbele, akampa kila mmoja karatasi yenye herufi, A mpaka E, akawapanga ovyo.

"Ninataka wafike kwenye mpango wa A, B, C, D, E," alisema. "Lakini kuna sheria moja. Ni majirani wawili tu wanaoweza kubadilishana nafasi. Mnafikiri inawezekana kila mara, hata kama ni watu elfu moja?"

Joëlle akamshika E begani. E alibadilishana na jirani wa kulia kwake, halafu na mwingine, mpaka akafika mwisho wa mstari.

"E amefika. Hatumgusi tena. Wamebaki wangapi?"

"Wanne," darasa lilijibu.

"Na kama tayari tunajua kwamba watu wanne wanaweza kupangwa kwa majirani kubadilishana?"

Mtu mmoja akacheka kwa furaha, kisha wengine. Walikuwa wameona. Mtu mmoja peke yake hana cha kupangwa, basi kwake ni kweli. Kama ni kweli kwa idadi fulani, ni kweli kwa idadi hiyo na mmoja zaidi: mwenye herufi ya mwisho apelekwe mwisho wa mstari, kama hayuko huko tayari, na waliobaki tunawajua.

Ignace alikuwa amefundisha uthibitisho huo miaka kumi na minne, kwa alama na tarakimu ndogo chini ya alama, na hakuna aliyewahi kucheka kwa furaha. Alihisi kitu kama jivu mdomoni.

Wakati wa somo ulikuwa unaisha. Joëlle alikuwa amebakiza sehemu ya kurudi: kutoka kwenye mpango ulio sawa hadi mpango wowote unaotaka. Aliandika haraka ubaoni: *Kwa kurudi, tunafanya mabadilishano yaleyale, kwa mfuatano uleule.* Akafuta chaki mikononi, akatoka.

Ignace aliliona kosa palepale. Kurudi ni lazima uanze na badilishano la mwisho. Angeweza kusema maneno mawili tu mlangoni. Hakusema. Aliwaza: *Profesa akija ataona mwenyewe nani anajua aljebra.* Akashuka mlima, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze.

Siku tatu baadaye mwanafunzi mmoja, Fanny, mama wa watoto wawili ambaye alikuwa anafundisha shule ya msingi asubuhi, alimfuata Ignace baada ya mazoezi.

"Papa Ignace, nimejaribu na herufi tatu, haikubali." Akafungua daftari. "Naanza na C, A, B. Nabadilisha nafasi ya kwanza na ya pili, napata A, C, B. Halafu ya pili na ya tatu, napata A, B, C. Ni vizuri. Sasa ninataka kurudi. Nafuata mfuatano uleule: kwanza napata B, A, C, halafu B, C, A. Siyo C, A, B. Ni mimi sijaelewa, ao ubao ndio haukuwa sawa?"

Ignace alimrudishia daftari.

"Andika kama ilivyo ubaoni," alisema. "Madame Joëlle anajua."

Fanny alifunga daftari polepole, akashukuru.

Mtihani mdogo ulifanyika wiki iliyofuata, na karatasi zilikuja kwa Ignace kusahihishwa. Wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wameandika kurudi kwa mfuatano uleule. Alianza kuchora mistari myekundu. Kwenye karatasi ya nane mkono ulizoea. Ya kumi na tisa ilikuwa karatasi ya Fanny. Alikuwa ameandika kama ilivyo ubaoni, na pembeni, kwa herufi ndogo: *Ninaona si kweli, lakini Papa Ignace aliniambia niandike hivi.*

Alikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Angeweza kumpa sifuri, na hakuna ambaye angeuliza. Ndicho kilichomtisha.

Asubuhi alimkuta Joëlle biro, akamwekea karatasi ile mbele. Joëlle aliisoma, akachukua kalamu, akajaribu na herufi tatu. Uso wake ulibadilika.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilikuwa na haraka. Mfuatano unarudi kinyume, badilishano la mwisho linakuwa la kwanza." Kisha akasoma tena maneno ya pembeni. "Papa Ignace. Wewe uliona lini?"

"Siku ileile. Nilikuwa nimeketi nyuma."

"Na Fanny alipokuja?"

"Nilijua."

Joëlle hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nilikukosea nini?"

Jibu la Ignace lilikuwa dogo na la aibu. "Walicheka," alisema. "Kwangu hawakuwahi kucheka hivyo."

Siku hiyo waliingia darasani pamoja. Joëlle alisahihisha ubao. Ignace alisimama akasema kwamba alama za mtihani zimefutwa, na kwamba Fanny alikuwa ameona kweli, na yeye, Ignace, ndiye aliyemdanganya akijua. Fanny aliinamisha kichwa, kana kwamba aibu ilikuwa yake.

Mwezi wa saba, mwisho wa mwaka wa masomo, profesa alimwachia Joëlle kozi. Ignace alibaki na mazoezi.

Masomo yalipoanza tena, kwa wiki nyingi Joëlle alimsalimia tu kwa kichwa. Halafu asubuhi moja aliweka kurasa za somo la wiki juu ya meza ya Ignace.

"Angalia kabla sijaandika ubaoni," alisema, akatoka.

Ignace alizisoma zote. Alitafuta kosa mara nne, kwa bidii ambayo haikuwa ya kumsaidia Joëlle, na mwenyewe alijua. Hakulipata. Akaandika *Sawa* chini ya ukurasa wa mwisho, na neno hilo lilikuwa gumu kuliandika.