Nyumba Ishirini na Tatu Zilizobaki Ndani ya Simu

Mtu akinitajia simu ile, mpaka leo hasira zinanipanda. Unabonyeza programu ya afya, inafunguka, inakuonyesha ule ukurasa wake wa kijani, kisha inajifunga. Unabonyeza tena, inajifunga tena. Mara ya nne ikaniandikia kwamba imeacha kufanya kazi, kana kwamba mimi sijaona.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Likoni. Nazunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza kama watoto wamechanjwa, nani mjamzito, nani anakohoa. Zamani tuliandika daftarini. Tulipopewa simu nikalitupa daftari kabatini, nikajiona nimeendelea. Programu yenyewe inaandika hata bila mtandao, lakini ukipata mtandao sharti utume, ndipo habari ziende dispensari. Mimi nilikuwa na siku kumi sijatuma. Bando liliisha, nikasema nitatuma siku nikifika dispensari. Ulikuwa uvivu tu, sina la kujitetea.

Nyumba ishirini na tatu zilikuwa humo. Ishirini na mbili ningeweza kurudi nikauliza upya, wakanicheka yakaisha. Ile moja ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwetu mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa macho na midomo. Bibi mmoja kijana, aliyekwisha kuharibikiwa na mimba mbili, aliniambia habari ya hiyo ya tatu jikoni kwa sauti ya chini, hata mama mkwe wake anayeishi naye hajui. Akanitajia tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Nikaiandika, simu ikahesabu yenyewe siku ya kumpeleka kliniki.

Basi nikaanza kuhangaika. Mwenzangu wa mtaa wa pili akaniambia niende kwenye mipangilio nifute kashe, yale mabaki ya muda yanayojazana. Nikafuta, programu ikajifunga vilevile. Nikatazama kama kuna toleo jipya, nikalikuta, nikaomba mtandao kwa jirani nikalipakua. Likaingia vizuri kabisa, na programu ikajifunga vilevile. Nilitamani niitupe baharini. Mwenzangu akasema basi bonyeza hapo chini, futa data yote, yake ilipona hivyo. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo nilipokumbuka kwamba yeye alikuwa ameshatuma zake.

Nikampelekea fundi wa karibu na feri. Hata salamu hakuimaliza vizuri, akaniuliza kama kuna kitu sijatuma. Nikamwambia kipo. Akasema data isiguswe, maana kashe ni mabaki, lakini data ndiyo kazi yangu yenyewe. Akatoa memori kadi akajaribu, hali ileile. Akapiga picha ya meza yake, akaifungua, nusu ikatoka ya kijivu. Akajaribu kunakili video, ikakwama katikati na simu ikajizima, ikajiwasha. Akaniambia anashuku hifadhi ya ndani, pale simu inapoweka kila kitu, imeanza kufa, na hiyo imechomelewa kwenye bodi ya simu, si kitu cha kuchomoa kama kadi. Akajaribu kwa muda mrefu kuzitoa habari zangu, akaiacha simu ipoe, akajaribu tena. Jioni ikakataa kuwaka kabisa.

"Mama, usilaumu programu," akaniambia. "Programu inaomba kusoma, simu haiwezi kuipa."

Sikujua nimlaumu nani, nikamnunia yeye, maskini, ambaye hakunikosea lolote.

Dispensari wakanipa simu nyingine. Nikaingia kwa namba yangu, na nyumba zote nilizowahi kutuma zikashuka moja moja. Zile ishirini na tatu hazikuwamo. Nikazirudia kwa mguu, juani, nikijitukana kila mlango.

Kwa yule bibi kijana nilimkuta mama mkwe wake kibarazani anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, nikakaribishwa. Nikauliza chandarua, nikauliza maji ya kunywa, nikazunguka weee, mama yule hakuinuka. Nikaaga. Bibi akanisindikiza mpaka uchochoroni, nikamnong'oneza kwamba simu imeharibika, anitajie tena ile tarehe.

Akaniambia, "Nilikwambia wewe, shangazi. Sikuiambia simu."

Wallahi niliitafuta tarehe ile kichwani pale pale niliposimama. Sikukumbuka hata uso wake siku aliponitajia, kwa sababu nilikuwa nimeinama nabonyeza. Nikamwomba radhi, nikamsihi aje kliniki hata bila tarehe. Akarudi ndani, na mwezi ule wote hakuja.