Yuda, Kijana wa Shambani na Andalio Langu la Somo

Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hastaafu mdomo. Nilifundisha shule ya msingi hapa milimani mpaka vumbi la chaki likanihamia kifuani, na nilipokabidhi ofisi, kanisa halikunipa hata mwezi wa kupumzika. Nikapewa darasa la Biblia la watu wazima katika mtaa wetu, juu ya Lushoto, njia ya kwenda Magamba. Tunakutana Jumatano alasiri, watu wakishatoka mashambani, na viatu vya matope tunaviacha mlangoni. Nitajisifu kidogo, mnivumilie. Andalio langu la somo huwa safi, lina kichwa, lina mistari, lina maswali, na wainjilisti wa mitaa jirani walikuwa wanakuja kulinakili.

Kilichonivimbisha kichwa zaidi kilikuwa Kigiriki. Sikukisoma popote. Mkwe wangu aliniwekea kwenye simu programu ya Biblia ambayo ukigusa neno la Kiswahili inakuonyesha neno la Kigiriki lililo chini yake, na maana zake, na kila mahali linapotokea. Mimi nilikuwa nagusa neno, nasoma maana, nachukua ile iliyonipendeza, basi. Ile orodha ya mahali pengine sikuifungua. Nilikuwa na haraka ya kufika Jumatano niwaambie watu, "Kwa Kigiriki neno hili," halafu ninyamaze kidogo wote waniangalie.

Kwaresima moja nilifundisha somo la Yuda na Petro. Kwenye Biblia yangu Yuda anajuta, na popote tunapoitwa tubadilike tunaambiwa tutubu. Nikagusa. Kujuta kwa Yuda ni metamelomai. Kutubu kwa kawaida ni metanoeo. Maneno mawili tofauti kabisa, na Kiswahili chetu nacho kina maneno mawili, yanakaa vizuri kila moja juu ya mwenzake. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: la kwanza ni machozi matupu ya mtu aliyepatikana na kosa, la pili ndiyo toba ya kweli. Yuda alikuwa na la kwanza, Petro alikuwa na la pili. Darasa lilinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Sasa, katika mtaa wetu kulikuwa na mzee mmoja aliyetengwa na meza ya Bwana. Alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kabichi, mtu wa maneno machache. Mkewe alipougua muda mrefu, alikwenda kwa mganga, na mganga akamtajia jirani yake, mama mjane wa mpaka mmoja, kuwa ndiye mchawi. Mzee akasimama mbele ya watu akamtaja yule mama. Mkewe akafa hata hivyo. Baadaye mzee akaomba kurudi kundini, na kila alipoitwa mbele ya wazee wa kanisa kuulizwa, alilia tu. Jumapili za meza ya Bwana sisi tulikwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi na kofia yake magotini.

Shauri lake lilikuwa karibu kukatwa. Pasaka ilikuwa inakuja, naye alikuwa ameshaanza kupungua mwili, na alikuwa amesema jambo moja tu kwa wazee: asife bila kushiriki tena. Ndipo mmoja wa wazee, fundi seremala, mtu mwaminifu asiye na hila, akatoa mfukoni karatasi. Lilikuwa andalio langu la mwaka uliopita. Akawasomea wenzake kwamba kwa Kigiriki kuna kujuta na kuna kutubu, na huyu analia kwa sababu mkewe amekufa, kwa hiyo anajuta kama Yuda. Asubiri.

Habari hiyo niliipata kwa mchungaji wetu, ambaye nilimfundisha darasa la nne na mpaka leo hawezi kuniona bila kusema shikamoo. Alikuja na karatasi ile ile.

"Shikamoo, mwalimu. Hili ni andiko lako?"

"Marahaba. Ndiyo, langu. Kwani lina kosa?"

"Sijui. Nataka kuuliza tu. Hili neno la Yuda, uliangalia mahali pote linapotumika?"

Nikamwambia nimefundisha watoto kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Akacheka, akasema kweli, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mwanafunzi asijibu swali kabla ya kusoma kifungu chote. Kisha akaondoka, kijana mjanja yule. Nilikasirika mpaka chai ikapoa.

Kesho yake asubuhi nilikaa barazani na daftari langu kubwa. Nikagusa neno la Yuda, na safari hii nikaifungua ile orodha. Haikuwa ndefu, na hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Nikapiga mistari kwenye ukurasa, nikaandika kila mahali: nani anasema, juu ya nani, kabla ya hapo kumetokea nini, baada ya hapo kumetokea nini.

Wa kwanza kwenye orodha hakuwa Yuda. Alikuwa yule kijana katika mfano wa Yesu, aliyeambiwa na baba yake aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu, akasema hataki, kisha baadaye akatubu akaenda. Akatubu, Biblia yangu inasema. Lakini chini yake neno ni lile lile la Yuda. Nikagusa tena, nikidhani kidole kimeteleza. Lile lile. Na Yesu anamtaja huyo kijana kuwa ndiye aliyefanya mapenzi ya baba yake.

Nikaendelea, jasho likinitoka na baridi yote ile ya Magamba. Paulo analitumia kusema aliwahi kujutia barua aliyowaandikia Wakorintho, kisha hakuijutia tena. Katika Waebrania limetajwa juu ya Mungu mwenyewe, kwamba ameapa wala hataghairi. Sasa nani ataniambia kuwa neno hilo maana yake ni machozi matupu ya mtu aliyepatikana? Nikaenda kwa Petro nikatafute lile neno langu la toba ya kweli, usiku ule jogoo alipowika. Halipo. Imeandikwa alitoka nje akalia kwa uchungu, basi. Mimi ndiye niliyempa Petro neno ambalo mwandishi hakumpa.

Nitasema ukweli, kosa la pili lilikuwa tayari linanijia mbio. Nilichukua kalamu nyekundu niandike kwamba neno hili kumbe ndilo toba ya kweli, ili mzee wa watu apone. Nilishaandika nusu. Nikajiuliza, na Yuda je? Yuda yumo kwenye orodha hiyo hiyo. Nikafuta. Neno lenyewe halimhukumu mtu wala halimwachii huru. Linasema mtu amegeuka moyoni juu ya jambo alilofanya, na kinachofuata kinasemwa na habari yenyewe. Yuda alikwenda kwa makuhani, kisha akajinyonga. Kijana alikwenda shambani. Paulo anapotaka kutenganisha huzuni mbili, ya jinsi ya Mungu na ya dunia, anazitenganisha kwa sentensi nzima, iliyo wazi kwa Kiswahili hata bila simu.

Kufuta andalio mbele ya watu si kazi ndogo kwa mtu wa aina yangu. Jumatano ile darasa lilijaa, maana wazee wa kanisa walikuja wote. Mzee alikaa pembeni. Yule mama jirani alikaa benchi la nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote tangu atajwe.

Nilishika karatasi ya mwaka uliopita nikaiinua. "Hii niliandika mimi," nikasema, "na mlinipigia makofi. Nilikosea. Nilichukua maana moja kwenye simu nikaimwagia Yuda, sikuangalia neno linafanya kazi gani kwingine." Kisha nikawapitisha mahali pote, mmoja mmoja, wakifungua Biblia zao wenyewe. Tulipofika kwa kijana wa shambani na nikawaambia neno ni lile lile, fundi seremala alivua miwani.

"Mwalimu," akasema, "basi sisi tutajuaje mtu ametubu?"

"Si kwa Kigiriki changu, kaka. Huyo kijana baba yake alijuaje?"

Akasoma tena kimya kimya, midomo ikitembea. "Alikwenda shambani."

"Haya. Mimi sijui mzee huyu amekwenda wapi. Kuna anayejua?"

Mzee mwenyewe aliinamisha kichwa, na nilidhani atalia tena kama kawaida yake. Ndipo benchi la nyuma likagongagonga sakafu, na yule mama mjane akasimama. Alianza kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akahamia Kishambaa. Alisema baada ya msiba mzee alikuja mlangoni kwake akapiga magoti, akamwambia alimzulia. Alisema msimu uliopita wa mvua alikuta maharage yake yamepaliliwa, na msimu huu pia, na hakumtuma mtu. Alisema mzee alipita kila nyumba alikolitaja jina lake, akalifuta kwa mdomo ule ule, na kwake yeye jambo hilo lilikwisha.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi, mama?" fundi seremala akamuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Mlikuwa mnamtazama yeye machozi."

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na sijawahi kujivunia somo kama lile, nami sehemu yangu kubwa ilikuwa kukiri nimevurunda. Ninajivunia hata hivyo, sioni haya. Andalio lile jipya lina mistari miwili iliyofutwa kwa kalamu nyekundu, na wanaonakili nawaambia wanakili na mistari iliyofutwa. Ukurasa wa kwanza nimeandika: fungua orodha yote kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Jumapili ya Pasaka mzee aliitwa mbele. Mchungaji alimuuliza kama ilivyo desturi, kama anatubu dhambi yake mbele ya Mungu na mbele ya usharika. Sote tulisubiri machozi. Safari hii macho yake yalikuwa makavu. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa:

"Nilisema sitaki. Nikajuta. Nimekuja."

Tulipokwenda kupiga magoti, nafasi iliyobaki kando yake ilikuwa moja. Nilikuwa nimeshaanza kuiendea, mimi na kiherehere changu, nikaona yule mama mjane anatoka benchi la nyuma, anapita katikati ya kanisa. Nikampisha.