Tumbo Lisilo na Kidonda

Katika kantini ya kiwanda kile cha viatu, sahani ya kwanza ilikuwa ya mpishi. Aliila mbele ya wafanyakazi, ndipo wao wajipange. Desturi hiyo ilianza baada ya kiwanda kizima kuharisha siku moja, na msimamizi hakuwa na mzaha nayo.

Sasa mpishi akawa akila vijiko vitatu tu, hoi. Ameshiba kama aliyetoka harusini, tumbo limejaa, na chini ya chembe cha moyo panawaka. Anasukuma sahani. Ah, binadamu na midomo yao! "Anajua alichotia humo," wafanyakazi wakanong'ona.

Msimamizi akamwambia, "Nenda hospitali, uje na jibu. Ukiwa mgonjwa nafasi yako ipo. Ukiwa mzima, tusichezeane."

Hospitali akamezeshwa mpira wenye kamera. Daktari, foleni imemfika shingoni, akamwambia huku anavua glavu, "Hamna kitu, mama. Rudi wiki ijayo."

Na yeye, mtu wa kweli mpaka inaudhi, akarudi na neno hilo hilo. "Wamesema hamna kitu."

"Basi hamna kitu hata hapa," msimamizi akasema, akanyoosha mkono apewe aproni.

Nyumbani wifi yake akacheka: "Madeko hayaonekani kwenye kamera!" Mumewe akainamia chai yake, hakumtetea. Hilo lilimuuma kuliko tumbo. Alilia, tena akaomba Mungu ampe kidonda, walau kimtetee.

Wiki iliyofuata alipokewa na daktari mwingine, mama wa makamo, akamketisha. "Hamna kidonda, wala bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo. Lakini ugonjwa upo. Tumbo lako halilegei vizuri kupokea chakula, na mishipa yake ya fahamu inasikia kupita kiasi. Kamera inaona ngozi ya ndani ya tumbo, haioni linavyofanya kazi."

Akampa dawa ya kupunguza asidi. Akamwambia ale kidogo kidogo mara nyingi, apunguze mafuta na pilipili. Akamwonya: akianza kukonda, kutapika damu au kupata choo cheusi, aje mbio. Asidi ilipopungua na tumbo likabaki vile vile, akaongezewa kidonge kidogo cha kumeza usiku. "Wengine hupewa kwa huzuni, kwa kipimo kikubwa. Kwako kinatuliza mishipa ya tumbo."

Wifi akakiona kile kidonge, akakitambua. "Eh! Sasa ni kichaa?"

Alimeza hivyo hivyo. Pole pole vijiko vitatu vikawa sahani ndogo. Kuna siku bado panawaka, lakini anakula.

Akaenda kwa msimamizi, akamweleza yote. Msimamizi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli.

"Sasa dada, ungesema mapema kwamba unaumwa."

"Nilisema."

"Ulisema hamna kitu," akajibu, akageuka kumwita mpishi mpya aje kula.