Kazi ya Steshenari

Bumu langu, fedha za mkopo za kujikimu chuoni, halikuwahi kufika mwisho wa mwezi. Wenzangu chuoni Kasulu walifundisha tuisheni Jumamosi, wengine waliuza asali kutoka kwetu Kibondo. Mimi nilichagua kuchapa na kutoa kopi kwenye steshenari karibu na geti, kwa sababu mama mwenye duka aliniruhusu kutoka kila kipindi kilipoanza.

Sikufikiria wiki ya testi. Asubuhi ya testi yangu, wanafunzi walijaa dukani na kazi za kukusanya.

“Mama, naomba niende,” nikasema.

“Wiki hii ndiyo nakuhitaji, mwanangu. Ukiondoka leo, usirudi.”

Nikabaki mpaka foleni ikapungua. Nilipofika ukumbini, mhadhiri alikuwa ameshafunga mlango. Alama zangu za muhula hazikutosha kuniruhusu kufanya mtihani wa mwisho, nikatakiwa kurudia somo lile mwaka uliofuata.

Jumapili baada ya kupewa taarifa hiyo, mama yangu alinipigia kutoka Kibondo.

“Kazi bado unayo?”

“Ninayo, mama.”

Akashukuru Mungu kwa sauti. Sikumwambia kuhusu somo la kurudia.