Barua ya Kucheza

Niliiandika barua kwa Kifaransa, halafu directrice, mkuu wa shule yetu, akaniagiza niongeze Kiswahili, eti wazazi wote waielewe vizuri. Nikaandika: darasa la tatu litaacha kukariri kama kasuku, watoto watajifunza kwa kucheza. Nilijivuna mno. Nilisahau kwamba kwa Kiswahili, hata hiki chetu cha Lubumbashi, kucheza mchezo na kucheza dansi ni neno moja.

Kesho yake asubuhi baba mmoja, fundi wa reli, aliingia darasani ameikunja barua ngumini.

"Mwalimu, mutoto anakuya hapa kusoma! Kama ni kucheza, atacheza ku harusi!"

Nilimwonyesha vifuniko vya chupa tulivyokusanya kwa ajili ya hesabu. Hata hakuvitazama.

"Siye tulikariri, na mpaka leo yote iko mu kichwa!"

Hapo nami nikapandwa na hasira. "Basi papa, saba mara nane?"

Hakuweza kuanzia katikati, kwa hiyo akarudi mwanzo kabisa, kwa wimbo wa utoto wake, jedwali la saba kwa Kifaransa: "Sept fois un, sept! Sept fois deux, quatorze!" Mabega yakaanza kuyumba. Kiuno kikafuata.

Wakati huo binti yake, mwanafunzi wangu, alikuwa amepanga vifuniko mistari saba, kila mstari vinane. Akavitenga kwa kiganja. "Mistari tano, makumi ine. Hii mbili, kumi na sita. Makumi tano na sita!"

Baba alikuwa bado kwenye sept fois cinq, saba mara tano, akiyumba.

"Papa," binti akasema, "kumbe ni weye unacheza."