Sentensi Zilizomfuata Ndinda

Mwanangu Ndinda alifika nyumbani kwetu mtaa wa Barani Jumamosi bila kuniarifu, nami nikajua kuna jambo. Yeye si mtu wa kutoka Kilifi kuja Malindi katikati ya muhula kwa sababu ya hamu tu. Aliweka begi, akanywa maji, akaketi kwenye mkeka nilipokuwa nikichambua ndengu. Sikumuuliza. Nilimwangalia mikono. Alikuwa anaokota ndengu nzuri na kuzitupa pamoja na mawe.

Baadaye akasema. Alikuwa ameandika kazi ndefu ya chuo kuhusu visima vya pwani vinavyogeuka kuwa na chumvi. Chuoni kwao kazi hupitishwa kwenye programu ya kompyuta inayolinganisha maneno ya mwanafunzi na yale yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Yake ilirudi imepakwa rangi karibu kila ukurasa. Mhadhiri wake, Bwana Njenga, alimwita akamwambia kwamba amesoma mwenyewe mahali palipopakwa rangi na anaona majina ya waandishi yapo, lakini sentensi ni zao, zimebadilishwa neno hapa na pale. Alimpa mpaka Ijumaa aandike upya. Asipofanya hivyo, faili linakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na huko mtu anaweza kurudishwa nyuma mwaka mzima.

"Uliiba?" nilimuuliza. Mama lazima aulize.

"Sikuiba, mama. Nilidhani ni maneno yangu."

Hapo ndipo woga uliponishika kweli, kwa sababu mwizi anajua alichochukua na anaweza kukirudisha.

Mimi niliishia darasa la sita. Kwetu tunaongea Kikamba, nje Kiswahili, na Kiingereza Ndinda alikikuta shuleni. Nilimwona akikipata. Aliandika sentensi za ubaoni, akazikariri akitembea uani, na aliyekariri vizuri ndiye aliyepigiwa makofi. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja kukumbuka vizuri kutakuwa kosa. Alinieleza kwamba akisoma makala ya Kiingereza, sentensi zinamkaa kichwani nzima nzima, na akitafuta njia yake ya kusema, inayokuja ni ile ile.

Jirani yangu Monicah, anayeuza maandazi, alisikia habari hizo jioni kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja. Akacheka kwanza. "Mama Ndinda, hata maandazi yangu nilijifunza kwa mtu, na kamati haijaniita." Kisha akatoa ushauri. Kuna duka la kompyuta karibu na soko, wanachukua kazi kama hiyo wanaibadilisha maneno yote, na rangi zinapotea. Nikawaza usiku ule. Asubuhi nikamwambia Ndinda hatuendi huko. Ikiwa shida ni kwamba maneno si yake, ya duka yatakuwa yake vipi?

Bwana Njenga alikuwa amemwelekeza kwenye kituo cha uandishi cha chuo, kwa mwalimu anayeitwa Mahfudha. Huyo hatoi alama wala adhabu. Anaketi na mwanafunzi wanapitia kazi pamoja. Lakini lazima umwandikie kwanza umweleze unataka msaada gani, na Ndinda aliogopa kuandika. Aliona ni kama kukiri kosa kwa maandishi. Mimi pia niliogopa, sikumficha. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Aliandika muda mrefu kwenye simu, kisha akanisomea. Kilikuwa Kiingereza kinachoteleza, kirefu, cha heshima. Sikukielewa, lakini mtoto wangu namjua sauti, na ile haikuwa sauti yake. Alisoma kama anayesoma tangazo la kanisani.

"Niambie kwa Kikamba umemwambia nini."

Alianza, akakwama. Sentensi ya mwanzo aliitoa kwenye barua ya kuomba ufadhili ya sekondari. Ile ya pili hakujua alikoitoa. Akanitazama, na mara tukaanza kucheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu wenye hofu. Alikuwa anaomba msaada wa kutorudia maneno ya wengine kwa maneno ya wengine.

"Futa," nikamwambia. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi kwenye mkeka."

Alifuta. Barua ya pili ilikuwa fupi, na alinitafsiria yote:

"Mwalimu Mahfudha, naitwa Ndinda. Kazi yangu inafanana mno na vitabu nilivyosoma. Sikukusudia. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, na nikisoma sentensi nzuri inabaki kichwani, kisha naiandika nikidhani ni yangu. Nimeambatisha kazi, ripoti ya kompyuta, na sentensi moja ya makala kando ya yangu uone ninachofanya. Sitaki uniandikie. Nataka kujua nifanye nini kati ya kusoma na kuandika. Mwisho wangu ni Ijumaa."

Akaniuliza kama si aibu kumpelekea mwalimu Kiingereza chepesi namna hiyo. Nikasema tuma. Kidole chake kilikaa juu ya simu, kisha akatuma.

Jibu lilikuja Jumatatu akiwa amesharudi Kilifi: aje kesho yake. Jumanne jioni alinipigia. Mwalimu Mahfudha alimwambia kwamba barua yenyewe ndiyo ushahidi kuwa anaweza kuandika kwa maneno yake. Kisha akampa njia. Asome sehemu ndogo mpaka aielewe, afunge makala, amsimulie mtu asiyeijua, kwa lugha yoyote anayoiweza. Ndipo aandike kwa Kiingereza, makala ikiwa bado imefungwa. Mwisho aifungue ahakikishe hajapotosha, na kama sentensi imerudi ile ile, aiandike tena au aiweke ndani ya alama za kunukuu. Maneno ya kitaalamu yasiyo na mbadala ayaache yalivyo.

"Nimsimulie nani, mama? Wenzangu wote wameisoma."

Kwa hiyo nikawa mimi. Jioni zile nilikoroga mboga huku simu iko begani, Ndinda akinieleza kwa Kikamba jinsi maji matamu yanavyokaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, na pampu zikivuta sana chumvi inapanda. Nisipoelewa nilimrudisha.

"Kama mafuta juu ya mchuzi," nikasema. "Ukichota kwa pupa unafika kwenye mchuzi."

Nikasikia anaandika.

"Basi hiyo sasa ni yetu," nikasema.

"Mafuta na mchuzi ni yako. Habari ya maji bado ni ya Kiprop na wenzake, walioandika makala. Mwalimu amesema hata nikiisema kwa Kikamba, lazima nitaje nilikoitoa."

Hilo sikuhitaji kufundishwa. Nyumbani kwa mama yangu, mtu akileta habari tulimuuliza kwanza kasikia kwa nani, ndipo tukamsikiliza. Tangu hapo kila aliposema jambo nilimkatiza: nani kasema? Akanijibu jina na mwaka, mpaka akachoka nami.

Alhamisi mwalimu alipitia naye tena, akamwonyesha sentensi mbili zilizokuwa zimerudi. Moja akaiandika upya, nyingine akainukuu. Ijumaa akapeleka.

Bwana Njenga hakutosheka na kompyuta kumpitisha. Alimketisha ofisini, akaifunga kazi, akamwambia amweleze kwa nini visima vinageuka. Ndinda anasema alijiona yuko kwenye simu nami. Akaeleza mpaka mwisho. Bwana Njenga akauliza jambo moja tu, kuhusu pampu, nani aliyesema hivyo.

"Nikamjibu kabla hajamaliza kuuliza," Ndinda akaniambia. "Faili haliendi kwenye kamati, mama."

Niliketi chini. Nikamuuliza nani kasema.

"Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, leo."