Wahusika Wawili Wasiotajwa

Gari lilikuwa limeshapita Dongobesh na ukungu ulikuwa bado haujainuka, ndipo Hadiya alipogundua kwamba mtu aliyekwisha kutoka jukwaani alikuwa anaendelea kuongea.

Alisoma tena kwenye simu ile tamthilia, kurasa alizotumiwa kabla hazijachapwa. Ukurasa wa thelathini na moja, ndani ya mabano, herufi za mlazo kama inavyotakiwa: *(GIDAMIS anatoka kwa hasira.)* Mistari mitano chini, bila mlango kufunguliwa wala mtu kurudi: GIDAMIS: Mke wangu, usilie. Na aliyekuwa analia hapo hakuwa mke wa Gidamis. Alikuwa mke wa Gwandu, mdogo wake.

Hadiya alikuwa ameshawahi kuongoza michezo Arusha, Mombasa na Bujumbura, na alijua hasara ya kosa la namna hiyo. Nakala mia mbili zikishatoka, vikundi vitano anavyovifundisha vitakariri, na mtu akishakariri kosa hulitetea kama shamba la babu yake. Aliangalia saa. Saa tatu na nusu. Onesphory, mwenye kiwanda cha uchapaji, alikuwa amemwambia mashine inawashwa saa saba mchana, na kuanzia saa kumi ni ya mitihani ya shule. Hakuna kuongezewa hata dakika.

Mbulu mjini alikuwa hajawahi kufika. Aliteremka kwenye baridi iliyomshangaza, akauliza njia mara mbili, akaelekezwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye nyumba ndefu ya bati iliyokuwa inanuka wino na mafuta ya taa. Jirani na hapo mama mmoja alikuwa anapika sufuria ya makande, mahindi na maharage.

Ndani, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, walikaa watu wawili. Mzee mwenye kalamu nyekundu alikuwa Baltazar, mwalimu mstaafu, msahihishaji. Mbele yake kulikuwa na prufu, zile kurasa za majaribio. Mwanamke aliyekaa kuelekeana naye alishika mswada wa mwandishi, ulioandikwa kwa mkono, akisoma kwa sauti kila kilichomo. Huyo ndiye Helena, Mama Justina.

"Mstari mpya. Herufi kubwa, OLIVA, nukta mbili. Nani kaiondoa fimbo hapa, alama ya kuuliza. Mabano, mlazo, anakohoa, nukta, funga mabano."

"Simama," Baltazar akasema. "Huku 'anakohoa' imeingia kwenye maneno ya Oliva. Haina mabano. Mtoto wa shule atasimama mbele ya wazazi na kutamka 'anakohoa'." Akaizungushia nyekundu, akaandika pembeni. "Endelea, Mama Justina."

Helena akaendelea. Kisha, badala ya jina, aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko. "Nukta mbili. Sijaiona mimi."

Hadiya alisimama mlangoni, mkoba mkononi. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwongozaji wa Katesh? Karibu."

"Habari dada. Samahani, hiyo ko ni alama gani? Nimefanya kazi hizi nchi tatu, sijawahi kuisikia."

Aliyejibu ni Baltazar, kwa upole wa mtu anayeeleza jambo la nyumbani kwa mgeni. Helena ni Mdatoga. Mwanamke wa kwao akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake wala la ndugu za baba mkwe. Mwandishi wa tamthilia, Felician wa Maretadu, aliokota majina ya wahusika wake huku huku, asijue ya nani. Baba mkwe wa Helena ni Gidamis. Mdogo wake baba mkwe ni Gwandu.

"Kwa hiyo akifika kwa mmojawapo anagonga," Baltazar akamaliza. "Nami naangalia prufu, nikikuta jina naliwekea alama ya vema."

"Kwa mmojawapo," Hadiya akarudia. Akaisogelea meza. "Mwalimu, ko ya yupi ni ipi?"

Kalamu nyekundu ikasimama hewani.

Akawafungulia ukurasa wa thelathini na moja. Baltazar alisoma prufu, Helena akatazama mswada, na wote wawili wakaona kwa pamoja. Kuanzia onyesho la tatu mkono wa Felician ulikuwa umechoka. Pale alipokuwa anaandika jina zima, sasa alikuwa anaandika G na nukta tu. Na Sylvester, kijana wa kompyuta, alikuwa ameiamuru mashine igeuze kila G. iwe GIDAMIS, akaenda kunywa chai.

"Nani kasimamisha kazi?" Onesphory alitokea chumba cha mashine, akifuta mikono kwa tambara. Alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo sauti yake ilivyopungua, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kupiga kelele. Mwezi uliopita kitabu cha ratiba kilikuwa kimetoka hapo na kurasa mbili zimegeuzwa, na alikuwa amemwambia Helena mbele ya wote: kosa lingine likitoka kwenye meza hii, siku hiyo ndiyo ya mwisho kwako.

"Mama Justina. Tuna saa tatu. Soma onyesho la tatu na la nne upya. Safari hii utamke majina."

"Siwezi, bosi."

"Baba mkwe wako hayupo hapa."

"Mimi nipo."

Chumba cha pili mtu aliangusha chuma, akalaani.

"Basi mpishe dada huyu asome," Onesphory akasema, akimwonyesha Hadiya kwa kidevu. "Yeye ana mdomo."

Hadiya aliuchukua mswada, akajaribu. Mwandiko wa Felician ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope. R yake ilikuwa v, na mistari iliyofutwa ilirudishwa kwa mishale kutoka ukurasa wa nyuma. Mistari minne ilimchukua dakika tano. Akamrudishia Helena. "Mimi nina mdomo, ila huyu ndiye ana macho. Bwana Onesphory, tukibadilishana mimi na yeye, saa saba hatufiki hata onyesho la nne."

Onesphory aliangalia saa ya ukutani. "Saa saba kasoro robo nakuja kuchukua kurasa. Kukiwa na hata G moja isiyo na mwenyewe, najua la kufanya." Akamtazama Helena wakati akisema, si Hadiya.

Alipoondoka, Helena alitoka nje. Hadiya alidhani ameenda kulia. Alirudi na kiganja cha mahindi na maharage mabichi kutoka kwa mama wa makande.

"Mwalimu, mahindi ni huyu mkubwa. Haragwe ni mdogo wake."

Baltazar akacheka kwa mara ya kwanza. "Mahindi gonga mara moja. Haragwe mara mbili."

"Na mimi?" Hadiya akauliza.

"Chora jukwaa," Helena akamwambia. "Kila maelekezo ya jukwaani yakisema mtu anaingia, mweke ndani. Yakisema anatoka, mtoe. Usimtoe kwa kukisia. Mtoe pale tu palipoandikwa."

Hadiya alichora mstatili kwenye karatasi, akaweka milango miwili. Helena akasoma, sasa haraka, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Ko. Ko-ko. Mabano, mlazo, anaingia na jembe. Punje ikaingia. Kila alipofika kwenye G alinyamaza, na wote watatu wakatazama karatasi. Ndani kuna haragwe peke yake? Basi msemaji ni haragwe. Baltazar anakata GIDAMIS, anaandika GWANDU kwa herufi kubwa, nukta mbili, anaangalia kama maneno yameanza kwenye mstari uleule kama ya wengine.

"Kumbe hata wewe unaweza kukaa kimya," Baltazar alimtania Hadiya.

"Mwalimu, punje zikinipotea leo sitasamehewa na mtu."

Kulikuwa na G kumi na moja. Kumi zilipata mwenyewe. Saa sita na nusu ilibaki moja, na ndiyo iliyobeba mchezo mzima: *Jiwe la mpaka nilisogeza mimi. Usiku ule wa mvua.* Kwenye mstatili wa Hadiya, mahindi na haragwe walikuwa wote ndani.

Wakampigia Felician. Hapatikani. Wakapiga tena. Hapatikani.

Onesphory alikuwa ameshafika mlangoni. "Hiyo iacheni. Prufu inasema Gidamis, iwe Gidamis."

Na hapo Hadiya alijikuta yuko upande wake. Tangu asubuhi, kwenye gari, alikuwa ameshaliona jukwaa: kaka mkubwa, mwenye heshima, anakiri mbele ya mkutano. Watu wangeshika vichwa. "Ni nzuri zaidi hivyo," akasema. "Mkubwa akikiri, ndiyo inauma."

"Sio kazi ya meza hii kutafuta iliyo nzuri," Helena akasema.

"Unamsafisha mkwe wako!" Onesphory akamrukia.

"Bosi, wote wawili ni wakwe zangu. Nimsafishe nani nimchafue nani?" Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye mswada. Alirudi nyuma kurasa mbili, akasoma. "Mabano. Haragwe anakaa kwenye kigoda. Mahindi anabaki amesimama hadi mwisho wa onyesho. Funga mabano." Kisha akaja kwenye maungamo, na maelekezo yanayoyafuata. "Mabano. Anakaa tena kwenye kigoda. Funga mabano." Akainua macho. "Aliyekiri amekaa tena. Mtu aliyeambiwa asimame hadi mwisho atakaa *tena* vipi?"

Hadiya alitazama punje zake. Alijaribu kumkalisha Gidamis, kwa kila njia aliyojifunza katika nchi tatu, na maandishi hayakumruhusu.

"Ni Gwandu," akasema mwishowe. "Bwana Onesphory, ningefundisha vikundi vitano uongo. Ni Gwandu."

Baltazar alikata, akaandika. Onesphory alizichukua kurasa, akampa Sylvester, akasimama nyuma yake mpaka kila nyekundu ikawa imeingia kwenye kompyuta. Saa saba na dakika kumi mashine iliwaka, ikatikisa madirisha.

Helena alifunga mswada kwa kamba, akajitanda shuka lake. Gari la Tumati lilikuwa linaondoka saa nane, na hakuna aliyekuwa amemwambia kama kesho arudi. Hakuuliza. Aliagana na Baltazar kwa mikono miwili, akampa Hadiya mkono.

"Usiku ule wa mvua," Hadiya akasema. "Nitawaambia waigizaji wamsubiri haragwe kabla hajasimama."

"Maelekezo hayasemi wamsubiri," Helena akasema, lakini alitabasamu.

Onesphory alimkuta Helena mlangoni. Alikuwa na bahasha nene ya kaki, mswada mwingine, tamthilia ya kikundi cha akina mama. Hakumtazama usoni.

"Hii tunaianza keshokutwa. Kaipitie kwanza nyumbani. Uniandikie wahusika wangapi huwezi kuwataja."

Helena aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya shuka, akashuka njia ya stendi. Hadiya alivuta kiti karibu na mashine, akakaa kusubiri nakala ya kwanza.